Soma bati kabla ya karatasi: namna ya kuchagua samaki wa kopo dukani

Wengi wetu tukichukua kopo la samaki dukani tunatazama picha, bei, halafu tarehe, basi. Mimi napendekeza uanzie upande wa pili. Karatasi inaweza kubanduliwa kwenye kopo moja ikabandikwa kwenye jingine, na tarehe ya wino inaweza kufutwa ikapigwa upya. Bati lenyewe ni gumu kudanganya. Kwa hiyo tutaanza na bati, tutakwenda kwenye namba zilizopigwa juu yake, na maandishi ya karatasi tutayafikia mwishoni.

Mfano wangu mkubwa ni samaki: jodari, vibua na sadini za mchuzi wa nyanya au mafuta, zile zinazopangwa kwenye kila duka la mtaani. Nyama ya kopo, maharage, nyanya na mananasi nitavigusa pale vinapotofautiana na samaki, na tofauti moja kati yao ni kubwa.

Kilichomo ndani ya kopo zima

Kiwandani samaki hupangwa kwenye kopo, mchuzi humiminwa, hewa hupunguzwa, kisha kifuniko hukunjwa pamoja na mdomo wa kopo mara mbili mpaka vikabanana. Mkunjo huo ndio ule ukingo mnene unaousikia kwa kidole ukizunguka juu ya kopo. Nitauita pindo. Baada ya kufungwa, kopo zima huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa mvuke wenye shinikizo na kupikwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 115 hadi 121 za Selsiasi.

Joto hilo limewekwa kwa ajili ya adui mmoja, bakteria aitwaye klostridiamu botulinamu. Mbegu zake huvumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa, lakini joto la nyuzi 121 likifika hadi katikati ya kopo kwa dakika 3 huwa zimekwisha. Bakteria huyu huota mahali pasipo na hewa, na hapo ndipo kopo linapomfaa. Akiota hutoa sumu inayolegeza misuli, na kiasi kidogo sana kinatosha kuua mtu. Asichokiweza ni uchachu. Chakula chenye pH ya 4.6 kushuka chini, yaani kichachu vya kutosha, hakimruhusu kuota. Nyanya na mananasi ya kopo kwa kawaida viko chini ya mstari huo. Samaki, nyama, maharage na mahindi viko juu yake. Ndiyo tofauti niliyoitaja: kopo la nyanya lenye kasoro mara nyingi litakuharibia mboga, lakini la samaki lenye kasoro hiyohiyo linaweza kukuharibia maisha.

Kopo likishapikwa hupozwa kwa maji. Mvuke uliomo ndani hurudi kuwa maji, nafasi hubaki bila hewa, na vifuniko huvutwa kuelekea ndani. Kama pindo lina upenyo, hata usioonekana kwa macho, kopo hunyonya chochote kilicho nje. Mwaka 1964 mji wa Aberdeen, Uskoti, ulipatwa na mlipuko wa homa ya matumbo uliolaza hospitalini watu zaidi ya 400. Uchunguzi ulielekea kwenye kopo kubwa la nyama ya ng'ombe kutoka Ajentina, lililopozwa kiwandani kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa. Nyama ilikuwa imepikwa vizuri. Vimelea viliingia baadaye, na mashine ya kukatia nyama dukani ikavisambaza kwenye nyama nyingine. Mwaka 1982 huko Ubelgiji mtu mmoja alikufa kwa sumu ya botulinamu baada ya kula samoni wa kopo kutoka Alaska. Tundu dogo kwenye bati lilikuwa limetobolewa na mashine ya kunyooshea makopo kabla hayajajazwa.

Unaposhika kopo dukani, basi, unajiuliza mambo mawili: je, bado linavuta kwa ndani? Na je, pindo lake ni zima?

Hatua ya kwanza: bonyeza pande zote mbili

Weka kopo kwenye kiganja, bonyeza katikati ya kifuniko kwa kidole gumba, halafu ligeuze ubonyeze kitako. Kopo zima lina vifuniko bapa au vilivyozama kidogo, na havichezi. Miduara iliyochongwa kwenye kifuniko ni ya kawaida, imewekwa ili bati liweze kutanuka wakati wa kupikwa na kurudi mahali pake. Usiichanganye na uvimbe.

Uvimbe huja kwa daraja. La kwanza ni kopo linaloonekana sawa, lakini ukiligonga kidogo upande mmoja hutokeza nje, nalo hurudi ukilibonyeza. La pili lina upande mmoja uliotokeza. Ukiubonyeza unaingia, na papo hapo upande wa pili unachomoka kwa mlio wa "tak". La tatu limevimba pande zote na linabonyea kwa shida. La nne limekuwa gumu kabisa, kidole hakiingii. Hilo la nne linaweza kupasuka lenyewe, kwa hiyo usilitikise wala usiliweke karibu na uso.

Sababu za uvimbe si moja, na hapa ndipo wauzaji hupata maneno. Watakuambia ni joto, na wakati mwingine ni kweli kwamba kopo lililokaa juani hutanuka kidogo. Watakuambia ni safari, na hilo nalo linawezekana: kopo lililojazwa sana, likifungwa usawa wa bahari na kupandishwa Mbeya au Nairobi ambako hewa ya nje ni nyepesi, kifuniko chake kinaweza kuinuka. Kwenye nyanya na mananasi kuna sababu ya tatu: uchachu hula bati polepole na kutoa gesi ya haidrojeni, hasa kopo likikaa muda mrefu. Hiyo si kazi ya bakteria. Lakini wewe uliyesimama mbele ya rafu huna njia ya kutenganisha gesi ya haidrojeni na gesi ya kuoza, wala uvimbe wa mlimani na uvimbe wa botulinamu. Kopo lolote linalocheza chini ya kidole liache. Kama ni la samaki au nyama, mwambie na mwenye duka alitoe.

Na kinyume chake ukumbuke: kutovimba si hati ya usalama. Kuna bakteria wanaopenda joto kali ambao huchachusha chakula bila kutoa gesi. Mbegu zao huvumilia mapishi ya kiwandani, zikalala, na huamka pale makopo yanapokaa wiki nyingi kwenye kontena la chuma bandarini au stoo ya mabati isiyo na upepo. Maharage, njegere na mahindi ndivyo hupatwa zaidi. Hawa kwa kawaida hawaleti sumu, ila ukifungua unakuta uchachu ambao haukuwa wa mpishi. Ukiona duka limepanga makopo dirishani yakipigwa na jua la mchana kutwa, nunua chumvi na kiberiti, makopo katafute kwingine.

Hatua ya pili: tazama bonyeo liko wapi

Makopo husafiri mbali, na mengi hupata alama. Ukikataa kila lenye bonyeo utakuwa unatupa chakula kizuri. Ukikubali yote kwa sababu muuzaji amepunguza bei, siku moja utaumia. Mahali pa bonyeo ni muhimu kuliko ukubwa wake.

Bonyeo la ubavuni, katikati, lenye umbo la mviringo na lisilo na ncha, kwa kawaida halina neno. Bati limeingia ndani lakini halikuvunjika. Pima kwa kidole: kama bonyeo ni la kina kiasi kwamba kidole kinalala ndani yake, acha. Kama lina kona kali kama ya karatasi iliyokunjwa, acha pia, maana kwenye kona ile rangi ya ndani hupasuka na bati huanza kuliwa na mchuzi, hata kama kwa nje hakuna tundu.

Bonyeo lililogusa pindo, juu au chini, ni la kukataa hata likiwa dogo kama ukucha. Pindo hufunga kwa sababu tabaka za bati zimebanana zikiwa na ulimbo mwembamba katikati. Likigongwa, tabaka zinaweza kuachana kwa unywele mmoja, kopo likavuta hewa mara moja kisha likaonekana limetulia. Zungusha ukucha wako juu ya pindo lote, duara nzima. Unatafuta mahali ukucha unapokwama: ncha iliyochomoza, sehemu iliyolala, au mahali pindo limekuwa nene kuliko kwingine. Kazi yenyewe huchukua sekunde 5. Kwa makopo yenye mstari ubavuni, pitisha ukucha na hapo.

Kopo la kufungua kwa kuvuta kipete lina udhaifu wa ziada. Juu ya kifuniko kuna mfuo mwembamba uliochongwa ili bati likatike ukivuta, na kwenye mfuo huo bati limebaki jembamba sana. Bonyeo juu ya mfuo, au kipete kilichoinuka nusu, ni sababu tosha ya kurudisha kopo rafuni. Makopo bapa ya sadini hupatwa sana na hili kwa kuwa hupangwa moja juu ya jingine, na kipete cha chini hubeba mzigo wa yote.

Kuna wakati utaambiwa, "Dada, hiyo imebonyea tu, chukua nikupunguzie mia tano." Kama bonyeo liko ubavuni na ni la mviringo, chukua na umshukuru, ila lipike mapema usiliweke stoo. Kama liko kwenye pindo, mia tano si bei.

Hatua ya tatu: kutu na unyevu

Kutu ya juujuu inayofutika kwa kitambaa au kwa kidole haijaingia ndani. Kutu iliyochimba vishimo, au inayobanduka kwa magamba ukiikwaruza, inaweza kuwa imeshatoboa. Pwani hili ni la kawaida zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi, kwa hiyo usishtuke kwa kila doa, bali likwaruze.

Tazama pia karatasi. Doa la mafuta au mchuzi uliokauka kwenye karatasi maana yake kopo hilo linavuja au limekaa chini ya linalovuja. Harufu ya samaki kwenye katoni ambayo bado haijafunguliwa inasema jambo hilohilo. Ukinunua kwa katoni, toa kopo lililopo kona ya chini kwanza. Katoni ikiangushwa, kona ndiyo hupokea kipigo, na kopo moja lililovuja hutosha kuyatia kutu mengine.

Hatua ya nne: soma namba

Sasa geuza kopo utafute maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, mara nyingi kitako au kifuniko. Yanaweza kuwa ya wino au yamechongwa yakatokeza. Hebu tuyasome ya kopo moja, mstari kwa mstari:

```
PROD 22/05/2024
EXP  22/05/2027
L143 B2 14:35
```

Mstari wa kwanza ni siku ya kutengenezwa, na wa pili ni mwisho wa matumizi. Miaka 3 kati yake ni ya kawaida kwa samaki wa kopo. Wengine huandika BB au BBE badala ya EXP, yaani ubora wake unahakikishwa hadi siku hiyo. Samaki aliyefungwa vizuri hageuki sumu usiku wa siku hiyo, ila ladha na bati huanza kushuka. Hata hivyo usinunue kilichopita tarehe, kwa sababu hujui kimekaa wapi kikisubiri. Kwa nyanya na mananasi mimi huchagua yaliyotengenezwa ndani ya mwaka mmoja au na nusu, kwa ile sababu ya uchachu kula bati.

Mstari wa tatu ndio wengi huuruka, na ndio naupenda. L inatangulia namba ya bechi. B2 huenda ni mtambo au zamu, na 14:35 ni saa kopo lilipopita kwenye mashine. Ile 143 ni nini? Viwanda vingi huhesabu siku za mwaka kuanzia 1 hadi 365, au 366 mwaka ukiwa mrefu. Tuhesabu: Januari 31, Februari 29 kwa kuwa 2024 ulikuwa mwaka mrefu, Machi 31, Aprili 30, jumla 121. Ongeza siku 22 za Mei unapata 143. Namba ya bechi inakubaliana na tarehe ya kutengenezwa, kwa hiyo mistari inashuhudiana.

Sasa chukulia kopo jingine la kiwanda kilekile limeandikwa PROD 10/01/2025 lakini bechi bado ni L143. Siku ya 143 haiwezi kuwa Januari. Huenda mtu amefuta mistari miwili ya juu na kuacha wa tatu kwa kutojua maana yake. Kipimo hiki kina mipaka, maana kila kiwanda kina mtindo wake. Vingine huweka tarakimu ya mwisho ya mwaka mbele, 4143 ikawa siku ya 143 ya mwaka 2024, na vingine hutumia herufi ambazo wao tu ndio huzielewa. Kwa hiyo usimhukumu muuzaji kwa kopo moja. Chukua makopo mawili matatu ya chapa hiyohiyo yenye tarehe tofauti, uone kama namba za bechi zinasogea pamoja na tarehe.

Tarehe iliyochezewa ina dalili nyingine. Wino unakuwa juu ya mikwaruzo badala ya mikwaruzo kuukata wino. Sehemu ya tarehe inang'aa kuliko bati la pembeni, kana kwamba imesuguliwa kwa thina. Kivuli cha tarakimu za zamani kinaonekana ukiinamisha kopo kwenye mwanga. Au kuna stika ya tarehe iliyobandikwa juu ya tarehe. Hakuna sababu njema ya kufunika tarehe. Kwa anayenunua jumla kuna kipimo rahisi zaidi: linganisha tarehe na bechi za ubavuni mwa katoni na zile za makopo yaliyomo.

Mtego wa mwisho ni mpangilio wa siku na mwezi. 05/04/2027 ni tarehe 5 Aprili kwetu, lakini kwa mtindo wa Marekani ni Mei 4. Tafuta kopo la chapa hiyo lenye namba inayozidi 12 na utajua ipi ni siku. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, kama 05/2027, inahesabiwa hadi mwisho wa mwezi huo.

Hatua ya tano: sasa karatasi

Anza na jina la samaki. Neno sadini hutumika kwa aina nyingi, na viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinaruhusu samaki kadhaa wa jamii hiyo kuitwa hivyo mradi ijulikane ni wa aina gani au wa wapi. Sadini za Moroko kwa kawaida ni Sardina pilchardus. Makopo ya Namibia na Afrika Kusini hubeba jamaa yake mkubwa zaidi, Sardinops sagax. Jodari wa bei nafuu mara nyingi ni Katsuwonus pelamis, mwenye nyama nyeusi kidogo na ladha kali. Hakuna ubaya katika yeyote kati yao. Kopo linaloandika "samaki" tu bila kusema ni nani ndilo la kulitilia shaka.

Viungo huorodheshwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Samaki awe wa kwanza. Ukikuta maji ya kwanza, umenunua mchuzi. Samaki wa kopo hahitaji dawa ya kuhifadhi, kwa kuwa mapishi ya kiwandani ndiyo yaliyomhifadhi. Orodha fupi inatosha: samaki, mafuta au maji, chumvi, labda nyanya ya kusagwa na sukari kidogo. E412 na E1422 ni vya kufanya mchuzi uwe mzito, havidhuru, ila huficha wembamba wa nyanya. E250 ni nitriti. Kwenye nyama ya ng'ombe ya kopo ni ya kawaida, ndiyo huipa wekundu. Mwenye mzio wa soya asome hadi mwisho hata kwenye jodari wa maji ya chumvi, kwa sababu wengine humtia supu ya mboga yenye soya.

Halafu uzito, mahali pesa zinapopotea. Kuna uzito wa jumla pamoja na mchuzi, na kuna uzito wa samaki baada ya kumwaga mchuzi. Kwenye kopo husomeka hivi:

```
NET WT     155 g
DRAINED WT  93 g
```

Tuseme kopo hili linauzwa shilingi 2,600, na pembeni lipo kubwa la gramu 425, lenye samaki gramu 235, kwa shilingi 6,800. Kwa uzito wa jumla kubwa linaonekana nafuu: gramu 100 ni shilingi 1,600, wakati dogo ni kama 1,677. Lakini ukihesabu samaki peke yake, gramu 100 kwenye kubwa zinakugharimu kama shilingi 2,894, na kwenye dogo 2,796. Kwa hiyo dogo ndilo la nafuu. Ukipenda mchuzi wa kutosha wa kulia ugali, hesabu yako inaweza kuwa tofauti.

Malizia na alama. Kenya bidhaa za nje hubeba stika ya KEBS, na namba ya kibali kwenye alama ya ubora unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe 20023, ukianza na SM# kisha namba. Tanzania Bara usimamizi wa chakula ulihamia TBS mwaka 2019, na Zanzibar ni ZFDA. Huko ndiko pa kupeleka malalamiko ukikuta duka linauza makopo yaliyovimba au tarehe zilizopigwa upya. Piga picha ya kitako cha kopo, kwa maana bila namba ya bechi hawatajua waondoe nini sokoni.

Hatua ya sita: wakati wa kufungua

Futa kifuniko kwanza, stoo za jumla zina panya. Ukitoboa kopo zima utasikia hewa ikivutwa ndani. Mchuzi ukiruka nje kwa nguvu, povu likatoka, au harufu ikawa ya kuoza, simama hapo hapo. Usionje "kidogo tu kuhakikisha", maana sumu ya botulinamu haina ladha wala harufu ya kuaminika. Usimpe paka wala kuku. Funga kopo na yaliyomo ndani ya mifuko miwili, tupa pasipofikiwa na watoto na wanyama, kisha osha mikono na meza kwa maji na dawa ya klorini. Kopo lililovimba ambalo hujalifungua litupe vivyo hivyo bila kulifungua. Kuchemsha kwa dakika 10 huharibu sumu hii, na ni tabia nzuri kwa samaki na maharage ya kopo, lakini isiwe sababu ya kuokoa kopo lililokwisha kukuonya.

Kuna mambo matatu huwashtua watu bure au huwapita kimya. Madoa meusi au ya zambarau kwenye bati kwa ndani, hasa kwa samaki na nyama, hutokana na salfa ya nyama ikigusana na bati. Hayana madhara, tofauti na kutu ya ndani au rangi inayobanduka. Vipande ving'avu kama vioo kwenye samoni au jodari mara nyingi ni fuwele za strukaiti, madini yaliyoganda kutoka kwenye samaki mwenyewe. Tia kipande kwenye siki ya moto kidogo na usubiri: fuwele itayeyuka, kioo hakitayeyuka.

La tatu ndilo la kuogopa. Jodari, kibua au sadini aliyeachwa juani kabla ya kufika kiwandani hujenga sumu iitwayo histamini, na joto la kiwandani haliiondoi. Kopo litakuwa zima, tarehe sawa, pindo safi. Dalili yake ni ladha ya kuwasha ulimini kama pilipili ambayo haikutiwa, kisha ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili uso kuwaka na kuwa mwekundu, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio. Ukihisi huo mwasho, tema na uache. Aliyekula akibanwa na pumzi, mpeleke hospitali. Sumu ya botulinamu huonekana tofauti: aliyekula akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, akameza kwa shida, hata kama ni siku kadhaa baadaye na hana homa, mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi, na uende na kopo.

Ukibakiza samaki, mhamishie kwenye bakuli la kioo au plastiki lenye kifuniko, weka kwenye friji, na ummalize ndani ya siku 2 au 3. Asiye na friji anunue kopo la gramu 155 na apike lote mara moja.